Ukurasa Mmoja wa Kuamulia

Ripoti ya upembuzi yakinifu huweza kuwa na kurasa 90, lakini mkurugenzi huenda akasoma muhtasari tu. Kosa la kawaida ni kuuandika kama orodha ya yaliyomo: “Sura ya tatu inajadili soko.” Anachotaka kujua ni kile ambacho sura hiyo imegundua.

Tuseme kampuni inafikiria kujenga kiwanda cha kubangua korosho Mtwara. Sentensi ya kwanza itoe pendekezo na kiasi: “Tunapendekeza kiwanda kijengwe kwa shilingi milioni 800, mradi tupate kwanza mikataba ya korosho ghafi.” Kisha sababu: faida inakadiriwa kuwa milioni 200 kwa mwaka, hivyo mtaji utarudi baada ya miaka minne.

Hatari kubwa isifichwe. Kiwanda kitanunua tani 500 kwa shilingi 2,000 kwa kilo, yaani bilioni moja kwa mwaka. Bei hiyo ikipanda kwa asilimia 20, na ya kuuzia isibadilike, faida yote imekwisha. Ndiyo maana pendekezo lina sharti. Malizia kwa kueleza mkurugenzi aidhinishe nini, lini, na kuchelewa kutagharimu nini.

Uandike mwisho, hesabu zikishatulia, na kila tarakimu ilingane na ya ndani. Kisha mpe mwenzako asiyeisoma ripoti. Asipoweza kutaja pendekezo, gharama na sharti lake, uandike upya.