Jumatatu ya Kwanza Bila Ofisi

Anayeanza kazi ofisini hupokelewa getini, huonyeshwa meza yake, na mchana huongozana na wenzake kwa mama ntilie. Anayeanza kazi kwa mbali hana geti. Anachopokewa nacho ni barua pepe ya kumkaribisha, na ikiwa na kasoro atakaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima bila mtu kujua kwamba amekwama.

Tuseme mhasibu wa Mwanza ameajiriwa na timu ambayo meneja wake yuko Berlin. Barua imfikie Alhamisi au Ijumaa kabla hajaanza, tena kwenye anwani yake binafsi. Wengi hukosea hapa: huituma kwenye anwani mpya ya kazi, ambayo hawezi kuifungua bila maelekezo yaliyomo kwenye barua hiyohiyo. Neno la siri lisiandikwe humo. Atumiwe kiungo cha kuliweka mwenyewe, kinachokwisha muda baada ya siku chache, na aambiwe awe na simu karibu kwa ajili ya uthibitisho wa hatua ya pili.

Kisha kuna suala la saa, nalo huvuruga siku ya kwanza kuliko watu wanavyodhani. Mwanza haibadilishi saa zake, Berlin hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Mkutano wa 10:00 Berlin ni saa sita mchana Mwanza mwezi Januari, lakini Julai ni saa tano asubuhi. Barua itaje miji yote miwili: "10:00 Berlin, 12:00 Mwanza, yaani saa sita mchana." Maneno hayo ya mwisho si mapambo. Mswahili akiambiwa "saa 4" bila kufafanuliwa, hajui kama ni saa nne yetu au 4:00 ya kwenye kalenda.

Ratiba ya wiki isijazwe mikutano. Jumatatu zungumzo moja na meneja linatosha, pamoja na kufungua akaunti. Siku hiyohiyo ajue mwenyeji wake, mfanyakazi mwenzake asiye bosi, anayeweza kumuuliza hata jambo dogo. GitLab, kampuni isiyo na ofisi, humpa kila mgeni mtu wa namna hiyo pamoja na orodha ya kazi za siku kwa siku.

Jumanne apewe kazi ndogo ya kweli, kama kulinganisha taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la malipo. Kazi hiyo hupima milango: pengine programu ya hesabu inafunguka, lakini taarifa za benki hajaruhusiwa kuziona. Ikifika Jumatano hajauliza lolote, mwenyeji ampigie. Ukimya wa mgeni mara nyingi ni woga wa kusumbua watu asiowajua.

Ijumaa meneja amtengee nusu saa, amuulize alikwama wapi na alisubiri jibu kwa muda gani. Majibu hayo yaingizwe kwenye barua kabla haijatumwa kwa mgeni mwingine.