Prifomu Zilizobaki Kwenye Kompyuta

Kwenye kiwanda cha maji ya chupa, hakuna anayesimama kuandika kila kinachoingia mashineni. Prifomu, yaani vile vibomba vinene vya plastiki vinavyopashwa moto na kupulizwa hadi vikawa chupa, humiminwa kwa maelfu. Mwisho wa shifti ndipo msimamizi wa laini huingiza namba moja kwenye mfumo wa ERP: zimetoka chupa 20,000. Mfumo hufungua orodha ya malighafi ya bidhaa hiyo, ukaona kila chupa inakula prifomu moja, kifuniko kimoja na lebo moja, ukazidisha na kukata stoo wenyewe.

Huko ndiko kukata kwa nyuma. Bidhaa hutangulia kuripotiwa, matumizi yakafuata. Wahasibu wanaipenda njia hii, na watu wa laini zaidi, kwa sababu inawaondolea makaratasi. Lakini mfumo haukuhesabu prifomu hata moja. Umeona chupa, ukakisia kilichotumika.

Tuseme prifomu 2 katika kila 100 hupasuka zinapopulizwa. Shifti ya chupa 20,000 itakuwa imekula kama prifomu 20,400, ila zilizokatwa ni 20,000. Mia nne kwa shifti hazimshtui mtu. Baada ya shifti 50 zimekuwa 20,000, na zote bado ziko stoo kwa mujibu wa kompyuta. Kiwango cha kuagiza kikiwa 100,000, mnunuzi ataagiza akiamini ana akiba ya shifti 5, kumbe zilizopo ni 80,000 na hata shifti 4 hazitimii. Laini itasimama, na lawama ya kwanza itamwangukia mtunza stoo.

Wengi hutibu hili kwa kubadilisha orodha iseme prifomu 1.02 kwa chupa. Hufaa pale hasara inapokuwa ya kawaida. Siku umeme umekatika na prifomu zilizokuwa kwenye tanuri zimeharibika zote, wastani huo hausaidii kitu. Mimi naamini zaidi mzani. Prifomu ya gramu 20 iliyopasuka bado ina gramu 20, hivyo gunia la takataka lenye kilo 8 ni prifomu 400, na kulipima kila shifti na kuingiza namba hiyo ni kazi ya dakika chache.

Kosa la hasara, hata hivyo, lina nafuu moja: huelekea upande uleule siku zote, kwa hiyo hesabu ya stoo hulifichua. Baya zaidi ni lile linaloletwa na hesabu yenyewe.

Asubuhi mfumo una prifomu 60,000, na kweli zipo. Kufikia saa sita mchana mashine imekula 10,200, lakini hakuna chupa iliyoripotiwa bado. Karani wa hesabu anakuja, anahesabu kwa uangalifu, anapata 49,800. Anaona upungufu, anaurekebisha: kompyuta nayo sasa inasema 49,800. Jioni msimamizi anaripoti chupa zake 20,000 na mfumo unakata 20,000, zikiwemo zile za asubuhi ambazo karani alishaziondoa. Zinabaki 29,800 kwenye skrini, wakati sakafuni ziko 39,600. Karani hakukosea kuhesabu. Ila saa aliyohesabu haikuwa saa ya mfumo. Hesabu ijayo itaonyesha ziada, itarekebishwa nayo, na ofisi itaanza kushuku wizi unaokuja na kurudi.

Dawa yake ni kuripoti kwanza chupa zilizokwisha kutoka, kisha kuhesabu kabla mashine haijawashwa tena.

Kuna pia makato yanayogoma. Prifomu zimehamishwa kwa toroli kutoka stoo kuu hadi stoo ya laini, lakini uhamisho haukuingizwa. Mfumo unakwenda kukata kwenye laini, unakuta hakitoshi. Mifumo mingine huacha salio liwe hasi, na hapo angalau mtu ataliona. SAP, ikiwa hairuhusu salio hasi, huiingiza bidhaa na kuyaweka makato yaliyoshindikana kwenye foleni inayofunguliwa kwa `COGI`. Foleni hiyo isipoguswa kwa wiki mbili, malighafi zilizokwisha kunywewa zikiwa ndani ya chupa bado zinahesabika ziko stoo.

Ndiyo maana kabla ya kurekebisha tofauti yoyote hutazamwa alama zake kwa miezi kadhaa. Upungufu wa kifaa kilekile kila mara huelekeza kwenye takataka au orodha ya malighafi. Upungufu na ziada vikipokezana, angalia saa za hesabu na saa za ripoti. Na zitazamwe idadi, sio shilingi peke yake, maana upungufu wa prifomu na ziada ya nailoni ya kufungia vinaweza kufutana kwenye jumla ya fedha, ripoti ikatoka safi huku vyote viwili vikiwa si sahihi.