Kijarida cha mifugo: kujaza siku ya chanjo

Kliniki nyingi za mifugo hutoa kijarida cha mwezi chenye mawaidha mengi, kisha wenye kliniki hushangaa kuona wateja hawaongezeki. Mfugaji husoma, hushukuru na kukiweka pembeni. Kinachokosekana ni tarehe.

Tuchukue chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Chanjo hii huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, katika mirija midogo. Mrija mmoja huweza kuchanja ng'ombe wapatao 40, lakini ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache, kinachobaki hutupwa.

Kwa mfano, tuseme mrija pamoja na kuufikisha kliniki ni Sh. 320,000. Wakija ng'ombe 16, gharama ya mrija peke yake ni Sh. 20,000 kwa kila mmoja. Wakija 40, inashuka hadi Sh. 8,000. Nakala 200 za kijarida kwa Sh. 200 kila moja ni Sh. 40,000. Ukigawa gharama hiyo kwa ng'ombe 40, kila mmoja anabeba Sh. 1,000 tu.

Kwa hiyo, kliniki ipange kwanza siku ya chanjo, kisha iandike kijarida. Ukurasa wa mbele ueleze dalili: homa, matezi kuvimba chini ya masikio na begani, na ng'ombe kupumua kwa shida. Ufuate tarehe, mahali, bei na namba ya simu. Chini kiwepo kipande cha kukata, ambacho mfugaji anajaza idadi ya ng'ombe na kukirudisha na malipo ya awali. Mahali pazuri pa kukigawa ni kituo cha kukusanyia maziwa, ambako wafugaji hufika kila siku.

Ukurasa wa nyuma uwe wa wenye mbwa. Hesabu ni ile ile: chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa ya chupa ya dozi 10, mbwa 10 wapangiwe siku moja. Kwa kuwa chanjo hii hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka, daftari la mwaka jana linaonyesha nani apelekewe nakala mwezi huu.

Hatari ipo kwenye maneno. Kijarida kikiiita 'chanjo ya kupe', mfugaji ataacha kuogesha. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao nao huletwa na kupe. Ng'ombe aliyechanjwa akifa kwa mojawapo, mteja harudi, na majirani zake hawaji.

Kipimo cha mafanikio ni vipande vilivyorudi. Siku tatu kabla ya chanjo, jumlisha ng'ombe waliolipiwa. Wakiwa chini ya nusu ya mrija, ahirisha na uwajulishe waliolipa kwa simu, kabla chanjo haijayeyushwa.