Dakika 90 na programu usiyoijua

Mjaribu wa programu anapohamia kazi mpya, mara nyingi hukabidhiwa simu, akaunti ya majaribio na agizo moja: "Izungukie kidogo." Kufikia jioni ameshabonyeza kila kitufe, lakini akiulizwa amepima nini, hana la kuonyesha.

Kupima bila orodha ya hatua zilizoandikwa na wengine, huku ukijifunza programu na kubuni jaribio linalofuata kutokana na ulichokiona sasa hivi, kulipewa jina la majaribio ya uchunguzi na Mmarekani Cem Kaner katika miaka ya 1980. Mwaka 2000 Jonathan Bach alieleza utaratibu alioubuni pamoja na nduguye James wa kuifanya kazi hiyo iweze kukaguliwa. Kazi hugawanywa katika vikao vya takriban dakika 90 visivyokatizwa. Kila kikao kina dhamira yake, huacha maandishi, na mwishoni mtu mwingine huyapitia pamoja na mjaribu.

Dhamira ni sentensi moja, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. Tuchukue mfano wa programu ya simu ya kikundi cha kuweka na kukopa. "Pima uwekaji wa akiba" ni pana mno. Mwezi mzima hautoshi. "Hakikisha akiba ya 10,000 inaonekana kwenye salio" ni finyu, inakwisha kwa dakika mbili. Elisabeth Hendrickson, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alipendekeza kutaja mambo matatu: unachunguza nini, kwa kutumia nini, ili ugundue nini. Kwa hiyo: "Chunguza uwekaji wa akiba, kwa simu inayopoteza mtandao, ili kugundua kama fedha inaweza kupotea au kuandikwa mara mbili."

Hata hivyo mgeni asianzie hapo. Kikao chake cha kwanza kiwe cha kupita skrini zote za mwanachama wa kawaida na kuandika kila kinachomshangaza. Hajui bado kipi ni kasoro na kipi ndivyo kilivyokusudiwa, basi aandike swali, asitoe hukumu. Baada ya wiki mbili atakuwa ameshazoea, na mengi ya maswali hayo hayatamjia tena.

Turudi kwenye mtandao unaokatika. Maandishi ya kikao huwa hivi:

10:12 Mwanachama A, salio 50,000. Naweka 10,000. Nimebonyeza Tuma, papo hapo nikazima data. (Mara mbili za kwanza nimechelewa kuzima, nikarudisha salio.)
10:13 Duara linazunguka, hakuna ujumbe.
10:15 Nimewasha data. "Imeshindikana, jaribu tena." Nimebonyeza Tuma.
10:16 Salio 70,000. Miamala miwili.
10:21 Nimerudia kutoka 50,000, data imezimwa kabla ya kubonyeza. Salio 60,000, muamala mmoja.

Mstari wa mwisho ndio wenye uzito. Unaonyesha kwamba tatizo si kukosa mtandao tu: yaelekea ombi la kwanza lilifika kwenye seva, jibu likapotea njiani, simu ikadhani limeshindikana, na seva ikalipokea la pili kama ombi jipya. Mhandisi ataangalia kama ombi linaporudiwa hubeba namba ileile ya utambulisho. Saa nazo si pambo, kwa sababu kwa saa hizo atatafuta kumbukumbu za seva. Na zile mara mbili zilizoshindikana zinamwambia kuwa kasoro hii inategemea sekunde, asije akajaribu mara moja akasema haipo.

Wapo wanaorekodi skrini badala ya kuandika. Rekodi inasaidia, ila haisemi ulikuwa unawaza nini ulipozima data, na sijaona mwenye subira ya kuitazama yote.

Katikati ya kikao, mgeni anaona ukurasa wa mikopo umeandika marejesho ya tarehe 31 Aprili. Asiukimbilie. Aandike mstari mmoja aendelee. Hiyo itakuwa dhamira ya kikao kingine. Kama jambo ni kubwa kiasi cha kutongoja, alifuate, lakini aeleze ni sehemu gani ya muda ilitumika nje ya dhamira.

Mwishoni anakadiria muda ulivyogawanyika: kupima, kufuatilia kasoro, na maandalizi. Kwa mgeni, maandalizi hula sehemu kubwa. Aandike bila haya kwamba dakika 40 zilipita akingoja nenosiri, maana bila hivyo msimamizi atadhani uwekaji wa akiba umepimwa dakika 90.

Kisha wanakaa pamoja na mwenyeji wa programu, wakiwa na maandishi mbele yao. Mwenyeji anaweza kusema miamala miwili ni kasoro ya kurekebishwa leo, kisha akauliza: "Marejesho ya mkopo ulijaribu hivyohivyo?" Hakujaribu, na dhamira inayofuata inaandikwa hapohapo.