Ada ya bima kila mwezi: asilimia 5 inapogeuka kuwa 11

Wafanyabiashara wengi wenye bima ya maisha hulipa ada mara moja kwa mwaka, na wengi wao hujuta tarehe hiyo inapoangukia msimu wa kununua mali. Njia ya kutoka ipo, nayo ni kuiandikia kampuni barua ya kuomba kulipa kila mwezi. Lakini barua hiyo ina swali moja ambalo likiachwa nje, mwenye bima anaweza kulipia mkopo asiojua kuwa amekopa.

Chukua mfano wa muuza nafaka katika soko la Tandale, Dar es Salaam. Bima yake ni ya shilingi milioni 10, na ada yake ni shilingi 600,000 kwa mwaka, inayotakiwa kila Julai 1. Huo ndio wakati mahindi mapya ya nyanda za juu kusini yanaanza kuingia sokoni kwa bei ya chini. Shilingi 600,000 zikienda kwenye bima, magunia kadhaa yanabaki kwa mwenye gari bila kununuliwa.

Wazo la kwanza la mfanyabiashara huyu ni kugawa 600,000 kwa 12 na kupata 50,000. Hapo ndipo penye mtego. Ada ya mwaka imepangwa kwa kudhani kwamba kampuni inapokea fedha zote siku ya kwanza na kuziwekeza. Anayelipa kidogo kidogo anaichelewesha kampuni kupata faida hiyo, na anaiongezea kazi ya kukusanya na kuandika risiti mara 12 badala ya moja. Tena wanaolipa kila mwezi huacha njiani kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hizo kampuni nyingi huweka nyongeza juu ya ada. Hakuna kiwango kimoja kwa wote. Tangu sheria ya mwaka 1996 ilipofungulia soko la bima la Tanzania kampuni binafsi, baada ya Shirika la Bima la Taifa kulishika peke yake tangu 1967, kila kampuni ina jedwali lake.

Tuseme kampuni ya muuza nafaka huyu inatoza nyongeza ya asilimia 5. Ada ya mwaka inapanda hadi 630,000, na kila mwezi analipa 52,500. Shilingi 30,000 za ziada zinaonekana ni riba ya asilimia 5, lakini sivyo. Angelipa kwa mwaka angetoa 600,000 siku ya kwanza. Sasa ametoa 52,500, kwa hiyo ni kama amekopeshwa 547,500. Deni hilo halikai kwake mwaka mzima. Linapungua kila mwezi na kwisha katika mwezi wa 11, maana yake kwa wastani fedha hizo anakaa nazo nusu mwaka tu. Kulipa 30,000 kwa kukaa na 547,500 nusu mwaka ni karibu sawa na riba ya asilimia 11 kwa mwaka. Nyongeza ikiwa asilimia 8, riba yake halisi hufika kama 17. Kanuni ya sokoni ni rahisi: zidisha nyongeza mara mbili, kisha ongeza kidogo.

Kwa hesabu hiyo uamuzi unakuwa mwepesi. Kama muuza nafaka anakopa benki kwa asilimia 18 ili anunue mahindi ya Julai, mkopo wa asilimia 11 kutoka kwa kampuni ya bima ni nafuu, na kulipa kila mwezi kunamfaa. Kama fedha hizo zingelala kwenye akaunti ya akiba inayotoa asilimia 3, heri alipe ya mwaka. Kati ya hizo mbili kuna kulipa kila miezi 6 au kila miezi 3, ambako nyongeza kwa kawaida huwa ndogo zaidi. Ni vema barua iulize na hizo.

Barua yenyewe haihitaji kurasa mbili. Inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu Meneja, Idara ya Bima za Maisha. YAH: KUBADILI MALIPO YA ADA KUTOKA KWA MWAKA HADI KWA MWEZI. Mimi ni mwenye hati ya bima iliyotajwa hapo juu. Naomba kuanzia Julai 1 ijayo nilipe ada kila mwezi badala ya mara moja kwa mwaka. Tafadhali nijulishe kwa maandishi: kwanza, kama kuna nyongeza kwa ajili ya kulipa kwa awamu, na ni shilingi ngapi kwa kila awamu, pili, siku za neema zitakuwa ngapi, tatu, kama nikifariki katikati ya mwaka, awamu zilizobaki zitakatwa katika fidia au la. Hadi nitakapopata jibu lenu, naendelea na utaratibu wa sasa. Wako mtiifu."

Maneno "kwa ajili ya kulipa kwa awamu" yasiachwe. Katika bima kuna nyongeza nyingine, ile anayotozwa mwenye ugonjwa au kazi ya hatari. Ukiuliza tu kama kuna nyongeza, karani anaweza kuangalia faili la afya na kujibu kuwa hakuna, huku ile ya awamu ikikusubiri kwenye ankara.

Swali la siku za neema nalo ni zito. Anayelipa kwa mwaka mara nyingi hupewa siku 30 baada ya tarehe ya malipo kabla bima haijakatika. Baadhi ya mikataba hupunguza hadi siku 15 kwa anayelipa kila mwezi. Aliyekuwa na tarehe moja ya kukumbuka sasa ana 12, na kila moja ina muda mfupi zaidi.

Swali la tatu linawahusu warithi. Mikataba mingi huhesabu ada kuwa ni ya mwaka mzima hata ikilipwa kwa awamu. Muuza nafaka akifariki baada ya kulipa awamu 4, zinabaki 8 za 52,500, yaani 420,000. Kampuni inaweza kuzikata na kuwakabidhi warithi 9,580,000 badala ya milioni 10. Si dhuluma ikiwa imeandikwa, ila familia ijue mapema.

Barua ipelekwe wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwaka wa bima, kwani kampuni nyingi hubadili utaratibu siku hiyo tu, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kosa linalovunja bima za watu ni kuanza kulipa 50,000 kwa mwezi kabla ya jibu. Kwa kampuni inayotaka 52,500, hiyo si awamu kamili. Fedha huwekwa pembeni zikisubiri kukamilishwa, mwenye bima anashika risiti akidhani yu salama, kumbe bima imekwisha kukatika.

Dalili ya kuwa mabadiliko yamepita ni karatasi ya marekebisho ya kuambatanishwa na hati ya bima, ikitaja kiasi cha awamu na tarehe ya kuanza. Baada ya hapo ndipo benki ipewe agizo la kukata 52,500 kila mwezi, nalo lisifike siku akaunti imekauka kwa ununuzi wa mahindi.