Muhtasari wa Hukumu, Fomu Moja kwa Wote

Mawakili wawili wakisoma hukumu moja, mmoja huandika kurasa tatu za visa, mwingine mistari minne. Fomu nzuri huondoa tofauti hiyo kwa kubana sehemu mbili: Swali na Jibu. Swali liwe sentensi moja. Jibu lianze na "Ndiyo" au "Hapana", kisha sababu na ukurasa au aya ilikotoka.

Chukua kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Swali: Je, pingamizi la awali linaweza kusimama juu ya jambo linalohitaji ushahidi? Jibu: Hapana, liwe hoja tupu ya sheria, mambo yaliyodaiwa na upande wa pili yakichukuliwa kuwa kweli.

Amri iliyotolewa kwa wadaawa iwe na sehemu yake, maana wengi huichanganya na kanuni. Namba ya kiwanja iende kwenye nyongeza ya mashauri ya ardhi. Pasipohusika paandikwe "Haihusiki". Pakiachwa wazi, msomaji hajui kama pamesahauliwa.

Kabla ya kuipitisha, wape watu wawili hukumu moja. Majibu yakipishana, rekebisha maelezo ya fomu kwanza.