Kwa mdogo wangu anayechagua kozi: soma masomo yake, si jina lake

Mdogo wangu,

Mjomba amenipigia simu na kunieleza kwamba matokeo yako ya kidato cha sita yametoka: Jiografia B, Hisabati C, Fizikia C. Hongera sana. Akaniambia pia kwamba nyumbani hamjaelewana. Yeye anataka usome Jiomatiki kwa miaka minne, uwe mpima ardhi kama mimi. Wewe unasema kazi hiyo inakufa kwa sababu siku hizi droni inapima mtaa mzima kwa asubuhi moja, na kwamba ungependa kozi yoyote yenye neno "dijitali" katika jina lake. Ameniomba niamue. Siwezi kuamua kwa niaba yako, ila nitakueleza ninachokiona kazini, nawe upime.

Kwanza, una haki ya kusema kazi imebadilika. Wapima ardhi waliotutangulia walibeba mnyororo na teodolaiti, wakafyeka njia porini na kukaa wiki kadhaa kwenye eneo moja. Leo tunasimika kipokezi cha setilaiti juu ya alama inayojulikana, tunatembea na kingine mkononi, na kila bikoni inapata vipimo vyake kwa usahihi wa sentimita chache, tena kwa muda mfupi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji kama Tandale. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake kwa droni, na wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha. Kazi ya kushika mnyororo imekwisha, na anayejua kurusha droni tu naye asijione salama, kwa sababu kurusha kunafundishika kwa siku chache.

Lakini angalia ni sehemu gani ya kazi iliyoondoka. Kilichorahisishwa ni kukusanya vipimo. Kujua kama vipimo hivyo ni sahihi hakujarahisishwa, na pengine kumekuwa kugumu zaidi, maana kosa siku hizi huja limevaa picha nzuri.

Chukua mfano mmoja. Mtu ana kiwanja cha zamani, na ramani yake ya upimaji ilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za nchi yetu zimejengwa juu yake. Kijana anakwenda pale na simu, anasoma namba za eneo, kisha anazipeleka kwenye ramani ile. Simu inatumia mfumo mwingine unaoitwa WGS84. Mifumo hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala mahali kilipo kitovu chake, kwa hiyo namba zilezile katika nchi yetu huangukia sehemu mbili zilizoachana kwa takriban mita 300. Kiwanja kinaonekana kiko mtaa wa pili. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu kwake namba ni namba. Atakayeshtuka ni yule aliyefundishwa kwamba kila namba ya mahali ina mfumo wake, na kwamba swali la kwanza ni kuuliza ni mfumo upi.

Kosa la mita 300 angalau linaonekana. Baya zaidi ni lile dogo. Droni ya kawaida ikiruka bila alama zilizopimwa chini, picha inayounganishwa inaweza kuhama kwa mita kadhaa huku kila paa likionekana safi. Sasa fikiria kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mpaka ukihama mita 2 tu upande mmoja, mita za mraba 40 zimekwenda kwa jirani, sehemu moja ya kumi ya kiwanja. Hapo ndipo ukuta unapojengwa usiku na ndugu wanaishia kwenye baraza la ardhi.

Namna ya kulitambua kosa hilo ni rahisi kuieleza. Kabla ya kurusha droni unaweka alama chini na kuzipima kwa kipokezi kizuri. Nyingine unaipa programu iunganishe picha kwa kuzifuata, na nyingine unazificha isizione. Kazi ikiisha, unalinganisha zile zilizofichwa na picha inavyosema. Zikitofautiana kwa sentimita chache, umefanya kazi. Zikitofautiana kwa mita, unarudi eneo la kazi hata kama mteja ameshaipenda ramani. Isitoshe, mpaka wa kiwanja ni jambo la kisheria. Ramani ya upimaji inahitaji saini ya mpima mwenye sifa na kuidhinishwa na mamlaka ya upimaji ya serikali kabla ya hati miliki kutoka. Picha ya droni peke yake haimpi mtu haki ya ardhi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usichague kozi kwa kusikia jina lake. Tafuta orodha ya masomo ya kila mwaka, usome hasa mwaka wa pili na wa tatu. Kama ni kozi ya vipimo na ramani, tafuta mambo matatu. Je, wanafundisha hisabati ya kusawazisha vipimo na kukadiria makosa? Je, wanafundisha mifumo ya ramani na umbo la dunia? Je, kuna kuandika programu, ili kesho uweze kutengeneza chombo chako badala ya kungojea cha mwenzako? Ukiona orodha imejaa majina ya programu za kompyuta za kuuzwa, jua unafundishwa vitufe ambavyo vitabadilishwa kabla hujahitimu. Kozi yenye neno "dijitali" inaweza kuwa na mambo hayo matatu, na yenye jina la kizamani inaweza kukosa. Orodha ndiyo itakayosema.

Baada ya hapo zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Muulize wanafunzi wangapi hutumia kipokezi kimoja wakati wa mazoezi, na mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Kama wanafunzi kumi na tano wanashika chombo kimoja kwa zamu, wengi wao watahitimu wakiwa watazamaji.

Kuhusu alama zako usiwe na hofu. Kiwango cha chini cha TCU kwa kozi nyingi ni kufaulu masomo mawili yanayohusika yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wewe kwa Hisabati na Fizikia pekee una 6. Hata hivyo kila kozi ina masharti yake ya masomo, na ushindani hupandisha kiwango, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu, si wa mwaka jana.

Mimi ningekuwa wewe, ningechagua Jiomatiki, kisha kila likizo ningejifunza kuandika programu. Lakini kama orodha za masomo zitakuonyesha njia nyingine yenye msingi huohuo, ifuate, nami nitamweleza Mjomba. Ninachokuomba ni kimoja: kabla dirisha la udahili halijafungwa, ziweke orodha mbili za masomo mezani, mzisome pamoja na baba yako, mstari kwa mstari, ndipo uchague.

Ni mimi dada yako, mtoto wa shangazi yako.